Kusoma tarehe yenye mwezi na mwaka pekee
Dawa ikiandikwa EXP, yaani mwisho wa matumizi, 03/2027 bila siku, hesabu hadi mwisho wa mwezi huo: inaweza kutumika hadi tarehe 31 Machi 2027, na kuanzia tarehe 1 Aprili haifai tena. Palipoandikwa BB, yaani bora kabla ya, kama kwenye biskuti au tambi, tarehe inahusu ubora, hivyo chakula kikavu kilichohifadhiwa vizuri huweza kuliwa hata baadaye, ingawa ladha yake huenda imepungua. Tarehe zote hizo, hata hivyo, ni za kifungashio ambacho hakijafunguliwa. Dawa nyingi za matone ya macho hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe ya chupa bado iko mbali, kwa hiyo andika siku ya kuifungua kwenye lebo.