Somo: Kufupisha rekodi ya kikao chenye mkalimani wa zamu kwa zamu

Katika ukalimani wa aina hii msemaji huongea, hunyamaza, kisha mkalimani hurudia kwa lugha nyingine, hivyo kikao cha saa moja kina maneno ya kama nusu saa tu. Nusu nyingine ni yaleyale kwa lugha ya pili. Asiyelizingatia hilo huandika "alisisitiza" mahali ambapo msemaji alitamka jambo mara moja tu, au "wote wawili walieleza", kumbe wa pili alikuwa mkalimani.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kauli ya asili ndiyo ushahidi wa alichosema msemaji, na ukalimani ndio ushahidi wa walichosikia wenzake. Zikilingana, andika sentensi moja. Zisipolingana, usichague inayokupendeza.

Hatua ya 1: Oanisha. Chora jedwali la safu nne: dakika, kauli ya asili, ukalimani, alama ya palipo na tofauti. Kila zamu ya msemaji pamoja na tafsiri yake ikae mstari mmoja. Mkalimani usimpe mstari wake, hata akisema "mimi". Kwa desturi ya kazi yake, hiyo "mimi" ni ya msemaji. Akitaka kujitaja husema "mkalimani anaomba urudie". Maombi ya namna hiyo hayaingii kwenye muhtasari.

Hatua ya 2: Linganisha yanayopotea kirahisi. Usitafute tofauti ya kila neno, utakesha. Tazama namba na saa, majina, ukanushi, na masharti (ikiwa, mpaka, isipokuwa). Angalia na urefu: kauli ya dakika mbili iliyokalimaniwa kwa sekunde ishirini huenda imeacha kitu, hivyo isikilize tena.

Hatua ya 3: Andika kutoka kauli ya asili, kisha soma jibu. Jibu ndilo linalofichua kasoro. Chukua mfano huu, muuzaji anaongea Kiswahili na mnunuzi Kifaransa:

Dakika 12:40, muuzaji: "Mzigo utafika Alhamisi saa tatu asubuhi, ikiwa malipo ya awali yameshaingia."
Dakika 12:52, mkalimani, kwa Kifaransa: mzigo utafika Alhamisi saa 15:00.
Dakika 13:01, mnunuzi: "Vizuri, mchana huo nitakuwa na watu wawili wa kupakua."

Saa tatu asubuhi ni 9:00. Mkalimani ameishika "tatu" bila kugeuza hesabu ya saa, "asubuhi" imemponyoka, na sharti la malipo limedondoka. Ukiandika "walikubaliana mzigo ufike Alhamisi" umeficha tatizo. Ukiweka 9:00 peke yake, umemtwika mnunuzi ahadi ambayo hakuitoa. Muhtasari uwe hivi:

"Muuzaji alisema mzigo utafika Alhamisi saa tatu asubuhi (9:00) iwapo malipo ya awali yatakuwa yameingia. Mnunuzi alikalimaniwa 15:00 bila sharti hilo, akakubali kupokea mchana. Saa na sharti: vithibitishwe na pande zote mbili."

Maneno "mkalimani alikosea" hayamo, kwa makusudi. Msomaji anahitaji kujua nani alisikia nini, si nani wa kulaumiwa.

Hatua ya 4: Futa mapacha. Ukimaliza, pitia sentensi zinazofuatana zenye namba ileile au kitenzi kilekile. Mara nyingi ni kauli moja iliyoingia mara mbili kwa maneno tofauti.

Maswali ya wanachama

*Lugha moja siijui kabisa. Nifanyeje?*
Andika kutoka kwenye ukalimani, na juu ya muhtasari uweke wazi kwamba kauli za msemaji fulani zimechukuliwa kwa mkalimani. Kisha mtafute anayeijua lugha hiyo asikilize mistari yenye namba na masharti tu. Ukimpa dakika kamili, hatalazimika kusikiliza rekodi nzima.

*Mkalimani alisema 40, baadaye akajisahihisha kuwa 14. Naandika zote?*
14 peke yake, ukishahakikisha ndiyo aliyosema msemaji. Isipokuwa kama kati ya hapo kuna mtu alishajibu au kupiga kura kwa kutegemea 40; hapo taja kwamba jibu lilitolewa kabla ya sahihisho.

*Msemaji mwenyewe anaelewa lugha zote mbili, akamkatiza mkalimani: "Sikusema tutalipa, nimesema tutajadili kulipa." Hilo ni kauli mpya?*
Hapana. Liingize kwenye mstari wa kauli ya kwanza na uandike "watajadili kulipa". Lakini msikilize kwa makini: wakati mwingine msemaji hamsahihishi mkalimani, anarudi nyuma kwenye neno lake mwenyewe. Kama rekodi inaonyesha kweli alitamka "tutalipa", basi ni kauli mbili zake, na zote huandikwa kwa mpangilio wake: kwanza alisema watalipa, kisha akasema watajadili.