Namba za ankara zilizorukwa: jinsi ya kuzipata na kueleza kila moja ilikwenda wapi

Nitatumia kazi niliyoifanya kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Ankara zao huandikwa kwa mkono kwenye vitabu vyenye namba zilizochapwa tayari, kisha karani anaziingiza kwenye Excel. Orodha ya Januari 2025 ilianzia ANK-004118 na kuishia ANK-004530. Zikiwa kamili, zinapaswa kuwa 413. Mistari iliyokuwepo ni 401. Harakaharaka utasema zimepotea 12, na hapo utakuwa umeshakosea.

Hatua ya 1: Geuza namba ziwe namba kweli. ANK-004118 kwa Excel ni maandishi tu, hayawezi kutolewa wala kujumlishwa. Tuseme ankara ziko safu ya A kuanzia mstari wa 2. Kwenye B2 andika:

```
=VALUE(RIGHT(TRIM(A2),6))
```

TRIM inaondoa nafasi tupu ambazo karani huziacha mwishoni bila kujua. Buruta fomula hadi chini. Ukiona #VALUE! popote, rekebisha mstari huo kwanza. Mara nyingi ni herufi O iliyopigwa mahali pa sifuri.

Hatua ya 2: Panga, kisha pima umbali. Panga orodha nzima kwa safu ya B, ndogo kwenda kubwa. Hakikisha safu zote zinahama pamoja, la sivyo kiasi cha pesa kitabaki kwenye ankara ya mtu mwingine. Kwenye C3 andika:

```
=B3-B2-1
```

Sifuri maana yake namba zimefuatana. Namba chanya ni idadi ya zilizorukwa kabla ya mstari huo. Hasi moja maana yake namba imejirudia. Jumlisha zile chanya peke yake:

```
=SUMIF(C3:C402,">0")
```

Mimi nilipata 14, na hasi moja ilitokea mara mbili. Ndiyo sababu hesabu ya harakaharaka ilitoa 12: namba mbili zilizojirudia zilijaza nafasi za mbili zisizokuwepo. Mapengo yenyewe yalikuwa manne: 4127 hadi 4136, 4163, 4388 na 4389, na 4502.

Fomula hii haioni kilichokosekana kwenye ncha. Fungua vitabu vyenyewe, uone ankara ya mwisho ya Desemba (hapa 4117) na ya mwisho ya Januari (4530).

Hatua ya 3: Anza na zilizojirudia, wala usizifute. Watu wengi hapa hubonyeza Remove Duplicates. Usiguse. Zilizojirudia zilikuwa 4338 na 4339, lakini kila jozi ilikuwa na wateja tofauti na kiasi tofauti. Nilipofungua kitabu, mauzo ya pili katika kila jozi yalikuwa ni ya 4388 na 4389. Karani alipiga 3 badala ya 8. Pengo moja likazibika bila kutafuta popote, na ningezifuta ningekuwa nimefuta mauzo halali mawili.

Hatua ya 4: Tazama majirani wa pengo. Ankara 4126 ni ya tarehe 3 Januari, na 4137 ni ya tarehe 4. Kumi mfululizo, tena mwanzoni mwa mwaka! Niliuliza orodha ilitolewaje, nikaambiwa imechujwa kwa tarehe kutoka faili la mauzo yote. Basi nikatafuta 4127 kwenye faili lile kwa namba, siyo kwa tarehe. Zote kumi zilikuwepo, zimeandikwa 3/1/2024. Mkono ulikuwa bado umezoea mwaka wa zamani.

Hatua ya 5: Zilizobaki, fuata karatasi. Kila ankara pale ina nakala tatu: nyeupe ya mteja, ya njano ya uhasibu, ya waridi inabaki kitabuni. Ya 4163 zote tatu zilikuwa kitabuni, zimebanwa kwa pini na kuchorwa mstari: imefutwa. Ankara iliyofutwa bila ile nyeupe kuwepo nisingeikubali, maana huenda mteja ameondoka nayo pamoja na mzigo.

Ya 4502 haikuwa na nakala hata moja, kimebaki kipande cha karatasi kwenye ushono wa kitabu. Nikaenda ghalani kusoma daftari la mizigo inayotoka. Tarehe 27 Januari, bati 40 zimetolewa, na kwenye safu ya ankara kumeandikwa 4502. Kwa hiyo mzigo ulitoka, na mauzo hayakuingizwa.

Maelezo niliyompa mwenye duka yalikuwa mistari minne, pengo moja kwa mstari, na kila mstari una kielelezo chake. Kwenye wa mwisho niliandika tu: "4502: bati 40 zimetoka ghalani 27/1/2025, nakala zote hazipo, malipo hayajaonekana," nikaambatanisha picha ya ukurasa wa daftari. Aliyechana karatasi sikumtaja, kwa sababu orodha ya namba haiwezi kujua hilo.