Somo: Kurekodi na kuhariri video ya fundi cherehani kwa simu ya nyumba nzima

Leo nafundisha kwa kisa. Kijana wa miaka 15, tumwite Hamisi, ana baba fundi cherehani huko Ngamiani, Tanga. Simu ni ya mama. Ndiyo inayopokea oda za maandazi, pesa za mtandao na habari za ukoo mzima. Hamisi anataka video ya sekunde 40 inayomwonyesha baba akipinda suruali. Fuateni alichofanya, maana kuhariri kulianza kabla hajaanza kurekodi.

Hatua ya 1: Patana na mwenye simu

Ukirekodi na simu ikaita, simu nyingi hukata video palepale. Hivyo ni lazima uweke Hali ya ndegeni, na hapo mwenye simu hapatikani. Mama alimwambia, "Dakika kumi, halafu niwashie. Shangazi yako anatuma hela." Hamisi akakubali, kisha akaangalia nafasi iliyobaki. Dakika moja ya video ya 1080p kwa picha 30 kwa sekunde hula takriban MB 100 hadi 130. Kama simu imebakiwa na GB 1, una dakika nane hadi kumi tu za kurekodi.

Hatua ya 2: Tazama kazi bila simu

Alikaa kwenye kigoda akamwangalia baba akipinda suruali nzima, akaandika kwenye daftari: chaki, kukunja, pasi, kuingiza pindo chini ya sindano, kushona, kukata uzi. Matendo sita. Kila tendo alilipangia kurekodi sekunde nane hadi kumi, ili abaki na za kukata. Daftari hilo ndilo lililomwokolea dakika za mama.

Hatua ya 3: Chagua upande na mwanga

Simama kushoto kwa fundi. Gurudumu na nguzo ya cherehani viko kulia, kwa hiyo ukisimama kulia vinakuziba usione sindano. Ukishachagua kushoto, baki kushoto. Kitambaa husogea kutoka kwa fundi kwenda mbele yake, na ukitazama kutoka kushoto kinaelekea kushoto kwa picha. Ukihamia ng'ambo kitaelekea kulia, na mtazamaji ataona kama kazi imegeuka inarudi nyuma.

Mwanga wa mlangoni uje ubavuni mwa fundi, usiwe nyuma yake, la sivyo uso unakuwa mweusi. Kisha gusa kitambaa kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Usipofunga, kila shati jeupe likipita nyuma picha nzima inafifia. Taa ya tyubu izimwe. Umeme wetu ni wa Hz 50, na ukirekodi picha 30 kwa sekunde chini ya tyubu, mara nyingi utaona mistari myeusi ikipanda na kushuka. Huo mstari hauondoki kirahisi baadaye.

Hatua ya 4: Rekodi tendo moja mara mbili

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Hamisi alirekodi baba akisukuma pindo chini ya sindano kwa mkono wa kushoto, kwanza kwa mbali, aonekane yeye na cherehani yote. Kisha akasogea karibu, kioo kijae mkono na sindano tu, akaomba baba arudie.

"Nirudie nini? Suruali ya watu hii!"

"Vuta nyuma tu baba, halafu sukuma tena. Usishone."

Kusogea kwake kulikuwa kwa kweli, na alihama pia pembe kidogo kuelekea mbele ya cherehani, bado upande uleule. Ukikaribia kwa hatua moja tu bila kubadili pembe, picha mbili zitafanana mno, na ukiziunganisha zitaruka kama video iliyokwama.

Hatua ya 5: Kata klipu mkono ukiwa njiani

Usiku, simu ikiwa kwenye chaji, alifungua CapCut akaziweka klipu mbili zifuatane. Mara ya kwanza aliiacha ile ya mbali mpaka mkono umefika kwenye kitambaa, na ile ya karibu ikaanza na mkono unakuja. Alipocheza, mkono wa baba ulifika mara mbili. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kukata pabaya, na utaiona hata kama huwezi kuieleza.

Dawa yake: kwenye klipu ya mbali peleka mstari wa kukatia pale mkono umefika nusu ya safari, bonyeza `Split`, futa kilichobaki. Kwenye ya karibu tafuta nusu ileile, `Split`, futa cha mwanzo. Cheza tena. Mkono ukionekana kuruka, umekata kingi, ongeza picha mbili tatu. Ukionekana kusita, punguza mbili tatu. Panua mstari wa muda kwa vidole viwili ili uweze kuhesabu picha mojamoja. Mtazamaji anafuata mwendo wa mkono, ndiyo maana haoni mkato.

Tatizo jingine lilijitokeza: kwenye klipu ya mbali baba ana tepu shingoni, lakini katika ile ya mbali iliyofuata hana, kwa kuwa mteja alikuja akapimwa katikati ya kurekodi. Hamisi aliweka katikati yake sekunde mbili za pasi ya mkaa ikipita juu ya pindo, shingo haionekani. Aliporudi kwa baba, tepu imetoka na hakuna aliyeuliza. Ndiyo sababu nasema kila mara: rekodi picha za karibu za ziada, mkasi, chaki, kanyagio.

Hatua ya 6: Sauti

Kila ukikata, mlio wa cherehani nao unakatika. Rekodi baba akishona mfululizo kwa sekunde 30 hivi, kisha itoe sauti hiyo kwa `Extract audio`, iweke chini ya klipu za kushona na unyamazishe sauti zake za asili. Picha zinabadilika, mlio unaendelea.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nilihariri jana, leo nafungua mradi klipu hazipo. Dada alifuta video ili apate nafasi.*

Marahaba. Programu nyingi za kuhariri hazitunzi nakala, zinasoma video palepale ilipo kwenye simu. Angalia kwanza kwenye pipa la galari, mara nyingi zinakaa humo siku 30. Ukizirudisha na mradi ukafunguka, maliza leo hii, hifadhi kwa `Export`, ndipo umruhusu dada afute.

*Kaka, fundi wangu anatumia cherehani ya umeme ya kiwandani, ina kasi sana. Kukata mkono njiani kutawezekana?*

Wakati wa kushona ni vigumu, kitambaa kinapita upesi. Kata pale anapoingiza kitambaa au anapokitoa, mikono inakwenda polepole hapo. Kushona kwenyewe kuache kwenye klipu moja.

*Nikituma WhatsApp video inakuwa na ukungu.*

WhatsApp huibana video. Usiichague kwenye picha na video, itume kwa njia ya `Document`. Itachukua bando zaidi, lakini itafika kama ulivyoihifadhi.

*Wateja wanaopita nyuma niwafanyeje?*

Waombe ruhusa kabla, hasa mtu aliyekuja kupimwa gauni. Akikataa, rekodi picha za karibu tu mpaka aondoke. Hamisi alisubiri mteja mmoja mpaka dakika za mama zikaisha, akamalizia kesho yake saa ileile ili mwanga ulingane.