Somo: Uingereza ilipunguza chumvi, je, ndiyo iliyoshusha presha?

Kuanzia 2003 Uingereza iliwabana wenye viwanda wapunguze chumvi kidogo kidogo kwenye mkate na vyakula vya paketi. Kufikia 2011, vipimo vya mkojo wa saa 24 vilionyesha ulaji umeshuka kutoka gramu 9.5 kwa siku hadi 8.1. Presha ya juu (sistoli) ya watu wazima nayo ilishuka kwa takriban milimita 3. Kulinganisha miaka hiyo miwili peke yake hakutoshi, maana huenda presha ilikuwa inashuka tangu zamani; kwa hiyo tunaangalia kama mstari wa mwelekeo wa zamani ulikatizwa na kubadilika baada ya 2003.

Hatua ya 1. Kwenye jedwali `d`, panga wastani wa presha wa kila mwaka, `sbp`, pamoja na kosa lake sanifu, `se`, kutoka utafiti wa afya wa taifa, tuseme 1994 hadi 2011. Mwaka usio na kipimo uache wazi, usiubunie namba.

Hatua ya 2. Amua umbo la athari kabla ya kugusa data. Chumvi ilipungua polepole, kwa hiyo tegemea mstari ubadili mteremko, usitegemee presha iporomoke ghafla.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka huohuo wa 2003 utafiti ulibadili mashine ya kupimia, kutoka Dinamap kwenda Omron. Mruko wowote wa 2003 unaweza kuwa wa mashine tu, kwa hiyo mpe `omron` mruko huo na sera uipime kwa `baada`:

```r
d$omron <- as.numeric(d$mwaka >= 2003)
d$baada <- pmax(0, d$mwaka - 2003)
m <- lm(sbp ~ mwaka + omron + baada,
        data = d, weights = 1/se^2)
lmtest::coeftest(m, vcov = sandwich::NeweyWest(m))
```

`NeweyWest` ipo kurekebisha makosa sanifu, kwa sababu miaka jirani hufanana. Kwa pointi chache hivi, hata yenyewe huweza kukupa uhakika uliozidi.

Hatua ya 4. Tuseme `baada` ni -0.15. Kwa miaka 8 hiyo ni milimita 1.2 chini ya pale mwelekeo wa zamani ungefika. Majaribio ya kupunguza chumvi yakikusanywa pamoja, gramu 4.4 hushusha takriban milimita 4.2; gramu 1.4 basi zingeshusha kama 1.3. Jibu linakubalika. Ukipata 3 nzima, mimi ningetafuta mkono wa mtu mwingine.

Swali: Mwalimu, mkono upi?

Jibu: Dawa. Aprili 2004 madaktari wa familia walianza kulipwa kwa kufikia malengo, kudhibiti presha yakiwemo.

Swali: Si tuwaondoe tu wanaomeza dawa?

Jibu: Hapana, ndugu. Kadiri wengi wenye presha kali wanavyoanza dawa, wanaobaki ni wenye presha nafuu, na wastani unashuka hata kama hakuna aliyepunguza chumvi. Afadhali uwabakize, uwaongezee milimita 10 kila mmoja kufidia kile dawa ilichoshusha, kisha urudie kwa 15 uone jibu linayumba kiasi gani.

Swali: Na kama hatuna data za kabla ya 2003?

Jibu: Basi huna mstari wa kukatiza. Una kabla na baada tu.