Picha ya sahani ya ndizi: tazama umbo lake kwanza

Ukitaka kukisia picha ya sahani ya ndizi za kupika imetoka wapi, usianze na ndizi zenyewe, kwani zinaliwa Kampala, Bukoba na Moshi vilevile. Anza na jinsi zilivyopikwa na kupakuliwa. Ndizi zilizopondwa zikawa bonge laini la manjano, zikiletwa juu ya jani la mgomba lililonyauka kwa mvuke, huku pembeni pakiwa na mchuzi mzito wa karanga wenye rangi ya waridi iliyofifia, zinaelekeza Buganda. Rangi hiyo, ambayo wengi huidhania maharage yaliyopondwa, hutokana na maganda mekundu ya karanga zilizosagwa bila kumenywa. Ndizi zikibaki nzima na kuchanganywa na maharage katika sufuria moja, mimi hukisia Bukoba. Zikiwa vipande ndani ya mchuzi wa nyama, Kilimanjaro. Hata hivyo, mgahawa wa Kiganda unaweza kuwa Nairobi, kwa hiyo sahani hukuonyesha asili ya chakula, ilhali mahali picha ilipopigwa utapajua kwa kusoma kibao cha bei ukutani.