Picha ya ratiba ya prednisoloni: namna ya kuisoma mpaka mstari wa mwisho

Siku hizi ratiba ya kushusha dozi ya prednisoloni hatua kwa hatua hufika dirishani kwangu ikiwa ndani ya simu. Karatasi yenyewe imebaki nyumbani kwa mgonjwa, na aliyetumwa dawa ana picha tu, tena mara nyingi iliyopigwa haraka haraka usiku. Mimi ni mfamasia, na ninachoeleza hapa ndicho ninachofanya na picha hizo kabla sijahesabu hata kidonge kimoja. Ndugu anayemhudumia mgonjwa anaweza kuyafanya haya mwenyewe. Haihitaji kujua tiba. Inahitaji kalamu, karatasi na hesabu za darasa la nne. Jambo moja tu lisivukwe: kazi yetu ni kusoma dozi iliyoandikwa. Kuibadilisha ni kazi ya daktari.

Hatua ya 1: Iangalie picha kabla ya kusoma namba

Anza chini. Je, unaiona pembe ya chini ya karatasi, au picha imeishia katikati ya mwandiko? Watu wakipiga picha hulenga jina la dawa na dozi kubwa ya juu, halafu mistari ya chini hukatwa au hufunikwa na kidole gumba. Bahati mbaya hiyo mistari ya chini ndiyo nyeti kuliko yote.

Sababu yake ni hii. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha na sukari ya damu, hasa mtu anapougua au kuumia. Prednisoloni inafanya kazi kama kotisoli. Ubongo ukiiona imejaa kwenye damu, unaacha kuziagiza tezi zifanye kazi, nazo zinalala. Kwa mtu aliyetumia dawa zaidi ya wiki tatu hivi, au dozi kubwa hata kwa muda mfupi zaidi, tezi haziamki siku hiyo hiyo dawa inapoisha. Huweza kuchukua wiki, na kwa wengine miezi. Kutoka mg 40 kwenda 30 bado mwili umefunikwa. Ukifika karibu na mg 5 na kushuka chini yake ndipo mwili unapotakiwa kujitegemea. Mgonjwa asiyeuona mstari wa mwisho hudhani dawa imeisha, kumbe ameruka sehemu ile ile iliyowekwa ili tezi ziamke.

Kwa hiyo picha ikiwa na shaka, omba nyingine. Karatasi ikunjuliwe, ilazwe mezani karibu na dirisha, simu ishikwe juu yake moja kwa moja, pembe zote nne zionekane. Upande wa nyuma upigwe pia, kwa kuwa madaktari wengi humalizia huko. Kwenye WhatsApp itumwe kama faili, maana picha ya kawaida hubanwa, na nukta ndogo kama ile ya 2.5 hupotea ikasomeka 25. Mwisho, iombwe picha ya pili ya pakiti au kopo la vidonge, mahali palipoandikwa nguvu ya kidonge.

Angalia na tarehe ya karatasi. Ratiba ya kliniki ya mwezi uliopita huwa bado imekaa kwenye simu, na huchanganywa kirahisi na ya juzi.

Hatua ya 2: Fungua alama

Hii hapa ni karatasi ya mfano, ya aina ninayoiona mara nyingi:

```
Tabs Prednisolone
40 mg od x 7/7
30 mg od x 7/7
20 mg od x 7/7
15 mg od x 7/7
10 mg od x 7/7
```

`od` ni mara moja kwa siku, na kwa prednisoloni kawaida ni asubuhi baada ya kula. `7/7` ni siku saba. Namba ya chini ndiyo inayotaja kipimo: `/7` ni siku, `/52` ni wiki, `/12` ni miezi. Basi `2/52` ni wiki mbili, wala si nusu ya kitu chochote. `alt days` ni siku moja kumeza, siku ya pili kupumzika. `R/V` ni kurudi kwa daktari aangalie upya. Ukiikuta mwishoni, usiisome kama “acha dawa”. Mgonjwa anaendelea na dozi ya mwisho iliyoandikwa mpaka aonwe, kwa hiyo miadi iangukie kabla vidonge havijaisha.

Namba zenyewe zisome kutoka juu kwenda chini kana kwamba unateremka ngazi. Kila moja iwe ndogo kuliko iliyotangulia. Ukisoma 20, kisha 75, kisha 10, hiyo 75 ni 15 iliyoandikwa kwa moja yenye kikofia. Ukiona 20, kisha 1 na mkunjo wa karatasi, kisha 10, hapo huna jibu: inaweza kuwa 15, inaweza kuwa 12.5. Weka alama ya kuuliza na uendelee.

Hatua ya 3: Ni miligramu au ni vidonge?

Hapa ndipo watu huumia. Karatasi nyingine haina `mg` kabisa. Imeandikwa 8, 6, 4, 3, 2. Hivyo ni vidonge vya mg 5, ratiba ile ile ya juu, ila imeandikwa kwa lugha ya vidonge. Ikisomwa kama miligramu, mgonjwa atapata moja ya tano ya dozi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtu asome 40 kama vidonge.

Nguvu ya kidonge nayo haidhaniwi. Madukani kwetu tumezoea cha mg 5, lakini mgonjwa aliyerudi kutoka matibabuni India anaweza kuwa na pakiti za mg 10, 20 au hata 40. Akimaliza hizo na kuendelea na za hapa, idadi ya vidonge lazima ibadilike ingawa miligramu ni zile zile. Pakiti ikisema prednisoni badala ya prednisoloni, miligramu zinalingana. Ikisema deksamethasoni, weka chini: ni dawa ya jamii moja yenye nguvu nyingi zaidi, na miligramu zake haziwekwi mahali pa prednisoloni.

Hatua ya 4: Andika upya kwa tarehe

Tuseme mgonjwa wetu ana vidonge vya mg 5 na alimeza dozi ya kwanza Jumatatu tarehe 2 Juni 2025. Hesabu inaanza siku aliyomeza, hata kama cheti kiliandikwa Ijumaa.

```
2 Juni – 8 Juni      40 mg   vidonge 8
9 Juni – 15 Juni     30 mg   vidonge 6
16 Juni – 22 Juni    20 mg   vidonge 4
23 Juni – 29 Juni    15 mg   vidonge 3
30 Juni – 6 Julai    10 mg   vidonge 2
```

Kosa la kawaida hapa ni kuandika “2 hadi 9”, ambazo ni siku nane. Kagua kwa jina la siku: kila wiki ianze Jumatatu na iishe Jumapili. Kwa ratiba ya siku moja kumeza na moja kupumzika, andika kila tarehe kwenye mstari wake, na siku ya kupumzika uweke sifuri, vinginevyo siku ya nne mtu hakumbuki kama leo ni zamu.

Karatasi hii ndiyo ikae ukutani, juu ya mahali dawa inapokaa, na kila asubuhi tarehe ikatwe mgonjwa akishameza. Usitegemee bahasha ya dawa. Ina nafasi ya dozi moja tu, na iliyoandikwa `8x1` imewahi kuwafanya wagonjwa wakae na vidonge vinane mpaka pakiti zikaisha.

Hatua ya 5: Hesabu vidonge, kisha linganisha

Zidisha vidonge kwa siku. 8 mara 7 ni 56; 6 mara 7 ni 42; 4 mara 7 ni 28; 3 mara 7 ni 21; 2 mara 7 ni 14. Jumla ni 161.

Sasa muulize mgonjwa alipewa vidonge vingapi. Anajibu: 168. Vimezidi saba. Vidonge saba ni kidonge kimoja kila siku kwa wiki moja, yaani mg 5, na ukiitazama ngazi yetu, baada ya 10 ndipo 5 ingekaa. Karibu hakika kuna mstari wa sita uliokatwa na picha, kuanzia 7 Julai hadi 13 Julai.

Ila bado ni “karibu hakika”. Hesabu hii inakuonyesha kwamba kuna pengo. Haikupi ruhusa ya kuliziba. Mistari miwili ikiwa haisomeki, jumla moja haiwezi kuitegua yote. Na jumla ikilingana bila mstari wa mg 5, usijitungie mkia. Ziko dozi fupi zisizoshushwa kabisa: mtu aliyebanwa na pumu huweza kupewa mg 40 kwa siku tano na kuacha, na hiyo ni sahihi.

Hatua ya 6: Piga simu ukiwa na swali moja

Piga kliniki au duka lililotoa dawa. Usiulize “hii dawa inatumikaje?”, maana utajibiwa kwa jumla jumla. Sema hivi: “Samahani dokta, nauliza kuhusu prednisoloni ya mzee wangu. Picha inaishia mg 10 tarehe 6 Julai, lakini alipewa vidonge 168 na hesabu yangu inafika 161. Je, kuna wiki ya mg 5? Na baada yake anaacha au anarudi kliniki?” Mwombe asome kutoka kwenye faili, nawe umrudishie ulichosikia, namba kwa namba: “mg tano, kidonge kimoja, siku saba.” Neno “tano” na “kumi na tano” huchanganyikana kwenye simu yenye kelele.

Kama jibu halijapatikana na vidonge vipo, mgonjwa abaki kwenye dozi ya mwisho inayosomeka vizuri huku mkiendelea kutafuta. Asisimame ghafla kwa sababu picha imeisha.

Akisahau asubuhi na kukumbuka jioni ile ile, ameze. Akikumbuka kesho yake, ameze ya kesho tu, asijumlishe mbili. Akiwa anashuka ngazi halafu akaanza kutapika, kulegea kupita kiasi, kupata kizunguzungu akisimama au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kusubiri zamu ya kliniki, na mwende na ile karatasi ya tarehe mkononi. Hivyo hivyo akipata homa kali, ajali au akitakiwa kufanyiwa upasuaji: neno la kwanza kwa anayempokea liwe kwamba anatumia prednisoloni, na leo yuko kwenye miligramu ngapi.

Ratiba ikibadilishwa kliniki, chora mstari juu ya karatasi ya zamani, futa picha yake kwenye simu zote mlizoitumia, na muanze tena hatua ya kwanza na picha mpya.