Ukitoka utarajali kwenda mkataba, kata muda wa majaribio

Umemaliza utarajali wa miezi 6 kwa wakala wa forodha pale bandari ya Tanga, unapewa mkataba wa mwaka 1 wenye majaribio ya miezi 6. Usisaini bado: hiyo ni nusu ya mkataba mzima, na kazi yako wameshaiona. Omba miezi 2, ukiambatanisha tathmini ya msimamizi wako.

Jambo linalosahaulika ni tarehe ya kuanza kuhesabiwa ajira. Utarajali kwa kawaida hauhesabiwi kuwa ajira, na sheria ya kazi ya 2004 haimpi mwenye ajira chini ya miezi 6 nafasi ya kudai ameachishwa isivyo haki. Kwa hiyo omba kiandikwe kifungu kwamba miezi ya utarajali imehesabiwa kuwa sehemu ya ajira yako. Ahadi ya mdomo haitoshi.